Faida ya chama: hisa ya Januari na hisa ya Novemba si sawa

Desemba ni mwezi wa kuvunja sanduku. Kuanzia Lodwar hadi Kakuma, kama ilivyo kwetu Kwale, Kilifi na Lamu, vikundi vya akiba huita wanachama, huhesabu fedha na kugawana walichoweka pamoja na faida iliyotokana na mikopo. Ugomvi wa siku hiyo mara nyingi si wa wizi. Ni wa hesabu: aliyeanza kuweka Januari anauliza kwa nini amepata sawa na aliyekuja na bunda la noti Novemba.

Nimeichagua Turkana kwa sababu kule swali hili lina uzito zaidi. Fedha za watu wengi haziingii kila wiki. Familia zilizo katika mpango wa serikali wa kukabiliana na njaa, HSNP, hulipwa kila baada ya miezi miwili, na kiwango kilichozoeleka ni shilingi 5,400. Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, na makazi jirani ya Kalobeyei, wengi hungoja msaada unaofika kwa ratiba wasiyoipanga wao. Kwa hiyo ukisema "aliyechelewa apate kidogo", lazima ujue kwanza unamsema nani.

Njia inayotumiwa na vikundi vingi ni ile iliyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Mwanachama hununua hisa moja hadi tano katika kila mkutano, na kila hisa hugongwa muhuri katika kitabu chake. Mwisho wa mwaka mikopo yote hurejeshwa, fedha zote hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya hisa. Hisa ya mkutano wa kwanza na hisa ya mkutano wa mwisho hupata gawio lile lile. Uzuri wake ni kwamba hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake na kujua haki yake.

Sasa tuchukue mfano mdogo wa wanachama watatu wa Lodwar, hisa moja ikiwa shilingi 100. Wa kwanza ni msusi wa vikapu vya mkoma, ambaye hununua hisa 2 kila mwezi. Wa pili ni mama anayengoja malipo ya HSNP, na yeye hununua hisa 4 kila baada ya miezi miwili. Wa tatu ni mchuuzi wa mbuzi. Haonekani mwaka mzima, kisha ananunua hisa 12 mwezi wa 11 na nyingine 12 mwezi wa 12. Kila mmoja ana hisa 24, yaani ameweka shilingi 2,400.

Tuseme faida ya mwaka ni shilingi 1,680. Kwa njia ya hisa peke yake, kila mmoja anapata 560, na kwa macho ya haraka hapo hakuna aliyeonewa.

Lakini faida haikutoka kwenye hisa, imetoka kwenye fedha zilizokaa sandukuni zikikopeshwa. Basi tupime pia muda. Hisa ya mwezi wa kwanza imefanya kazi miezi 12, na ya mwezi wa mwisho mwezi mmoja. Kuna njia nyepesi ya kuhesabu bila kalamu nyingi: kila mwisho wa mwezi andika jumla ya hisa alizo nazo mwanachama mpaka siku hiyo, na Desemba ujumlishe majibu hayo 12. Msusi ataandikiwa 2, 4, 6 na kuendelea hadi 24, na jumla yake ni 156. Mama wa HSNP ana 0, 4, 4, 8, 8 na kuendelea hadi 24, jumla 144. Mchuuzi ana 12 na 24 tu, jumla 36.

Zote pamoja ni 336. Gawanya 1,680 kwa 336, unapata shilingi 5 kwa kila hisa iliyokaa mwezi mmoja. Msusi anapata 780, mama 720 na mchuuzi 180. Akiba ya kila mmoja, 2,400, inarudi kamili, kwani kinachobadilika ni faida peke yake.

Tazama sasa kilichojificha. Mama tuliyemwonea huruma hakuumia kwa kupima muda. Alipata 160 zaidi ya zile 560 za mwanzo. Anayelipwa kila baada ya miezi miwili yuko karibu sana na anayeweka kila mwezi. Tukimtoa mchuuzi pamoja na 180 zake, faida inayobaki ni 1,500. Wawili hao wakigawana sawasawa watapata 750 kila mmoja, na wakipima muda watapata 780 na 720. Tofauti ni shilingi 30 kwa kila upande. Haifai kuvunja undugu kwa hiyo.

Kwa hiyo mwenye kipato cha kusuasua hana kosa. Tatizo ni bunda la mwisho wa mwaka. Na lina hatari kuliko linavyoonekana. Iwapo mchuuzi atakopa nje kwa asilimia 10 kwa mwezi ili anunue hisa zile 24, riba itamgharimu shilingi 360, huku gawio la hisa peke yake likimpa 560. Atakuwa amechuma 200 kutoka kwa wenzake bila akiba yake mwenyewe. Dalili ya mchezo huu ni rahisi kuiona. Kagua vitabu: mihuri ikiwa michache mwaka mzima kisha ikajaa kurasa mbili za mwisho, jua gawio litapinda.

Kikomo cha hisa tano kwa mkutano kiliwekwa kuzuia mambo kama haya, na vikundi vingi hukilegeza pale mwanachama "mkubwa" anapofika na fedha. Kikundi ambacho hakina mwandishi wa kuaminika kisijitwishe hesabu ya miezi. Kishike kikomo, na miezi miwili ya mwisho kisimruhusu mtu kununua zaidi ya alivyozoea. Kikundi chenye vitabu safi, au chenye watu wanaoingia na kutoka kama Kakuma, ambako mwanachama anaweza kuhamishwa katikati ya mwaka, kitafaidika na kupima muda. Kipime kwa mwezi, si kwa siku, ili anayecheleweshewa malipo wiki moja ndani ya mwezi asipoteze kitu.

Kwa wasomaji wetu wanaokwepa riba na kufanya biashara ya pamoja badala ya kukopeshana, swali halibadiliki. Faida ya biashara nayo hutokana na mtaji uliokaa kazini.

Jambo la mwisho ni wakati wa kuamua. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, kikundi husajiliwa kikiwa na katiba yake. Kanuni ya mgao iandikwe humo kabla ya hisa ya kwanza kununuliwa. Ukiibadilisha Desemba, kila mtu ameshajua ni kanuni ipi inayomfaa, na kura itapigwa kwa mfuko. Sanduku la mwaka huu ligawanywe kwa kanuni iliyokuwapo, hata kama ina kasoro. Mpya ianze Januari.