Tunanunua Unene, Hatununui Baridi

Hivi karibuni nilionyeshwa waraka wa zabuni ya msambazaji mmoja wa dawa na chanjo hapa Kigali. Anataka masanduku ya baridi ya kufungwa nyuma ya pikipiki, kila upande sentimita 50 kwa nje. Sharti la ukuta limeandikwa kwa mstari mmoja: povu la poliuretani lenye unene usiopungua sentimita 8. Mstari huo umekosewa, na unagharimu zaidi kuliko bei ya sanduku lenyewe. Umefunga mlango kwa paneli za ombwe kabla hata muuzaji wake hajafungua mdomo, kwa kuwa paneli hizo huuzwa kwa sababu ni nyembamba.

Paneli ya ombwe ni ubao wa unga wa silika ulioshindiliwa, ukavikwa mfuko wa utando wenye metali, kisha hewa ikafyonzwa na mfuko ukafungwa. Ukiishika ni ngumu kama pakiti ya kahawa iliyofungwa bila hewa, na ikitobolewa utando wake hulegea vilevile. Gesi iliyo kwenye vitundu ndiyo inayosafirisha sehemu kubwa ya joto ndani ya povu la kawaida. Ikiondolewa, paneli mpya huzuia joto mara 5 au 6 zaidi ya povu zuri la unene huohuo. Ukihesabu uzee wa paneli na joto linalopita kwenye kingo za utando, bado inabaki kama mara 3. Erojeli, iliyotengenezwa mara ya kwanza na Kistler mwaka 1931, imo katikati: ni bora kuliko povu, inakatika kwa kisu na haiogopi msumari, lakini bei yake ni kubwa na faida yake ni ndogo kuliko ya ombwe. Kwa sanduku hili naiweka kando.

Wapinzani wana hoja zao. Paneli ni ghali mara kadhaa kuliko povu. Haikatwi wala haitobolewi, hivyo lazima iagizwe kwa kipimo kamili. Ni nzito pia: sanduku zima litaongezeka kilo 4 au 5. Kwa nyumba nakubaliana nao kabisa. Mchana wa Kigali hufika nyuzi 27 na usiku hushuka hadi 15 au 16, ukuta hutobolewa na kila fundi wa umeme anayepita, na kama ni lazima uzuie joto, nafasi ya kuweka povu nene la bei nafuu ipo. Aliyekataa paneli kwenye ukuta wa nyumba hana kosa.

Ila sanduku la pikipiki si nyumba. Kwa nje haliwezi kukua, kwa hiyo kila sentimita ya ukuta inakatwa kwenye nafasi ya mzigo, tena pande zote mbili za kila kipimo. Tupige hesabu. Sanduku la sentimita 50 likiwekewa povu la sentimita 8, ndani linabaki na sentimita 34 kila upande, yaani lita 39. Likiwekewa paneli ya sentimita 2.5 na ganda la kuilinda la nusu sentimita, ndani linabaki na sentimita 44, yaani lita 85. Kuta zote mbili zinazuia joto karibu sawa kwa kila mita ya mraba. Nje kukiwa nyuzi 25 na ndani nyuzi 5, sanduku la povu linaingiza joto la takriban wati 6, na la paneli takriban wati 8, kwa kuwa ndani yake ni kubwa zaidi.

Joto hilo lazima limezwe na kitu. Hapo ndipo zinapoingia pakiti za nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 5. Inapoyeyuka, nta hunywa joto jingi bila yenyewe kupanda, na sanduku hubaki pale pale. Kwa saa 24, sanduku la povu linahitaji kama kilo 3 za nta na la paneli kama kilo 4. Ondoa nafasi ya pakiti hizo, na mzigo unaobaki ni lita 35 kwa povu na lita 80 kwa paneli. Mzigo wa lita 240 unaondoka kwa safari 3 ukiwa na paneli. Ukiwa na povu ni safari 7. Safari 4 za ziada, kwa mafuta, kwa ujira wa dereva, kwa kila mzigo, miaka yote sanduku litakapotumika: hiyo ndiyo bei ambayo mwandishi wa zabuni hakuiona, kwa sababu alilinganisha mita ya mraba ya ukuta badala ya lita ya mzigo.

Watauliza: paneli ikitobolewa? Haya, itobolewe. Unga wa silika ukiingiwa na hewa haugeuki kuwa kitu bure. Hurudi kuzuia joto kama povu zuri la unene huohuo. Upande mmoja kati ya sita ukitoboka, joto linaloingia hupanda kutoka wati 8 hadi kama wati 10 na nusu, na baridi iliyopangwa kwa saa 24 inakwisha baada ya saa 18. Kutoka Kigali hadi Rusizi ni safari ya saa 5 au 6 kwa gari. Anayeikataa paneli kwa hofu ya tobo hajafanya hesabu hiyo, na sioni kwa nini tuendelee kumstahi. Fundi wa ghala anaweza kukagua kwa dakika moja akifungua ganda: utando uliobana ni mzima, uliolegea umekufa.

Nta ndiyo yenye masharti magumu zaidi, na hapo nasema wazi. Ili igande lazima ilazwe usiku kucha kwenye friji iliyo chini ya nyuzi 5, tuseme nyuzi 2. Ikitolewa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, itafika kwenye sanduku ikiwa na baridi hiyohiyo, na chanjo zisizopaswa kuganda ziko hatarini, ikiwemo ya HPV ambayo Rwanda ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2011. Kituo cha afya chenye friza moja kiendelee na pakiti za maji. Ghala la Kigali lenye chumba cha baridi na umeme wa uhakika halina udhuru huo.

Wala dawa ya zabuni mbaya si kuandika "paneli" mahali palipoandikwa "povu". Shirika la Afya Duniani halipimi masanduku ya chanjo kwa unene. Linayafunga yakiwa na pakiti za barafu katika joto la nyuzi 43, kisha linahesabu saa mpaka sehemu yenye joto zaidi ifike nyuzi 10. Sanduku la safari ndefu lazima lifikishe saa 96. Jiji hili lilitoa jina kwa makubaliano ya Oktoba 2016 ya kupunguza gesi za mafriji, na bado tunaagiza baridi kama anayeagiza mbao.

Kwa hiyo msambazaji aufute mstari ule kabla bahasha hazijafunguliwa na aandike matatu: lita za mzigo, saa za baridi kwa joto la nje lililotajwa, na uzito wa juu kabisa. Kisha agawe bei ya sanduku, pamoja na gharama za safari zake, kwa lita litakazobeba. Povu likishinda kwa kipimo hicho, na linunuliwe.