Kata mstari, usiuchague tu

Anayedai kwamba ili kupata barabara za Mji wa Kasulu inatosha kuchagua kila mstari unaogusa mpaka anatupotosha. Barabara ya kwenda Kibondo haiishii mpakani. Tuseme imechorwa kama mstari mmoja wa kilomita 40, na 9 tu ziko ndani ya mji. Ukiuchagua, unaibebesha Halmashauri ya Mji kilomita 31 za jirani.

Kwenye QGIS, Clip hubakiza kipande cha ndani na Difference hubakiza cha nje. Vyote viwili hukatwa pale pale mstari unapovuka mpaka.

Ila kuna mtego, na hapa ndipo wengi hunasa: kipande kipya hurithi jedwali la zamani. Safu ya urefu bado itasema 40! Kokotoa upya:

```
$length / 1000
```

Kisha jumlisha: 9 na 31 zirudi 40. Kama badala ya Difference ulitumia Clip kwa eneo la jirani, jumla ikizidi, huenda mipaka ya maeneo mawili uliyokatia inapandana; ikipungua, huenda kuna mwanya kati yake. Barabara inayotoka na kurudi mjini itabaki rekodi moja yenye vipande kadhaa, hivyo itenganishe kwa Multipart to singleparts kabla ya kuhesabu.