"Kwani huniamini?"

Huku Bunju ukimwambia fundi au mpangaji wako kwamba jioni utamtumia barua pepe ya mlichokubaliana, jibu lake utalisikia kabla hujamaliza sentensi: "Kwani huniamini?" Imani iliyo nyuma ya swali hilo ni kwamba waungwana hupeana neno, na anayeandika ni mtu mwenye shaka. Wengine huiunga mkono kwa kusema wazee wetu hawakuandika.

Hata kama hawakuandika, hawakukubaliana peke yao pia. Posa ilikuwa na mshenga, na mauziano ya shamba yalikuwa na majirani waliokaa mkekani wakisikia. Leo mnakubaliana kwa simu, wewe uko kwenye daladala pale Tegeta na mwenzako yuko karakanani, na hakuna mtu wa tatu aliyesikia. Tumeacha mashahidi, tukabaki na jeuri ya kudai hatuwahitaji. Tena hao hao wanaonuna wakiandikiwa hukaa kwenye kamati za harusi, ambako mweka hazina huandika kila shilingi ya mchango na hakuna anayemwita mshari.

Kibaya zaidi, imani hii inachukulia kwamba ugomvi huletwa na waongo. Mara nyingi huletwa na watu wawili wakweli. Chukua mtu anayejenga Bunju B, aliyepatana na mwenye karakana madirisha tisa ya alumini kwa Sh 180,000 kila moja. Fundi moyoni anajua bei hiyo haina wavu wa mbu wala nondo. Mwenye nyumba anajua dirisha ni dirisha, na Bunju bila wavu hakulaliki. Hakuna aliyedanganya. Suala la wavu halikutajwa kabisa, na kila mmoja aliliziba pengo kwa mazoea yake. Watagundua siku ya kufunga, alumini ikiwa imeshakatwa na nusu ya fedha imeshaliwa.

Barua ya jioni ile ile ingeliibua pengo hilo mapema:

"Fundi, habari za jioni. Kama tulivyozungumza kwa simu leo mchana, utanitengenezea madirisha 9 ya alumini kwa vipimo ulivyochukua mwenyewe. Kila moja ni Sh 180,000, jumla Sh 1,620,000. Bei hiyo ina wavu wa mbu, usafiri na kufunga, haina nondo. Leo nimekutumia Sh 810,000, na iliyobaki nitalipa ukimaliza kufunga, ndani ya siku 21. Kama kuna nilipokosea, nirekebishe kabla hujaanza kukata."

Sentensi ya thamani kubwa hapo ni ile ya "ina" na "haina". Fundi akiisoma atapiga simu: "Bosi, wavu hatukuuzungumza." Vizuri sana! Mtabishana leo, fedha zikiwa bado na mwenyewe wa kuzirudisha.

Wapo wanaokwenda upande wa pili na kusema neno la mdomo si mkataba hata kidogo. Nao wamekosea. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inayatambua makubaliano ya hiari ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, bila kudai karatasi isipokuwa pale sheria nyingine inapodai. Mkataba ulizaliwa mchana kwenye simu. Barua ya jioni ni ushahidi wake, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inauruhusu ushahidi wa namna hiyo mahakamani. Uzito wake hupimwa kwa jinsi ujumbe ulivyoandaliwa na kutunzwa, na jinsi mtumaji anavyotambulika. Kwa hiyo usiifute ukabaki na picha ya skrini. Itunze yenyewe pamoja na jibu lake. Sauti za Wasapu zinaweza kupotea na simu iliyoibwa, lakini barua pepe utaifungua kwenye simu nyingine.

Ujanja nao una mpaka. Ukichomeka nondo ambazo hazikuzungumzwa, ukitumaini fundi hatasoma, umeandika ombi jipya, na ukimya wake haulifanyi kuwa makubaliano. Hata barua ya kweli isiyojibiwa ni nusu ya kazi: mpigie, muombe aandike "sawa". Fundi asiye na barua pepe mtumie maneno hayo hayo kwa meseji.

Kiwanja ni habari nyingine. Huko Mabwepande watu bado hulipana kwa maneno na kuahidiana "makaratasi tutamalizana". Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka makubaliano ya kuuziana haki ya umiliki yawe kwenye maandishi yaliyosainiwa na yule anayedaiwa ayatimize. Barua yako ya jioni, uliyoandika peke yako, haimfungi muuzaji ambaye hajasaini chochote. Hapo usitume fedha kwanza.