Bonane njema, yaya: salamu isiyouliza ndoa

Wiki hii simu zetu zitajaa salamu za Noeli na Bonane. Nyingi zitasomwa na kusahauliwa kabla sombe haijaiva. Lakini katika familia nyingi za Bukavu, Goma, Butembo au Uvira kuna mtu mmoja anayezisoma kwa uangalifu kuliko wengine wote. Ni ndugu ambaye amepita miaka 35 na bado hajaoa. Yeye anatafuta neno lililofichwa ndani ya salamu, na kwa kawaida analipata.

Mwaka jana mimi ndiye niliyelificha. Nilimwandikia yaya wangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu, fundi wa umeme anayeishi Goma: “Bonane njema yaya! Mungu akujalie mwaka huu usiwe tena peke yako. Tumechoka kula kuku wa harusi za wengine, tunangoja wako.” Nilicheka nilipokuwa nikiandika. Yeye alijibu maneno manne: “Asante, na ninyi pia.” Siku ya pili hakushuka kwenye boti ya Bukavu. Mama alimfunikia sahani yake mpaka usiku. Miezi mitatu baadaye yaya aliniambia kwamba ujumbe wangu ulimkuta begi likiwa limefungwa, akalifungua tena na kurudisha nguo kabatini.

Ndiyo maana naandika haya leo. Nadhani salamu ya sikukuu kwa ndugu asiyeoa haipaswi kuwa na neno lolote la ndoa, wala la wazi, wala la mafumbo, wala la kufariji. Ni rahisi kusema hivyo, ila kuiandika ni kazi.

Mwaka huu nilianza mapema. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na sentensi nne, na mimi niliiona safi. Kabla ya kuituma nilijiuliza swali moja kwa kila sentensi: je, ningemwandikia hivi mdogo wetu ambaye ameoa na ana watoto wawili? Ikiwa siwezi kumwandikia yeye maneno yaleyale, basi sentensi hiyo inasema jambo jingine.

Sentensi ya kwanza ilikuwa: “Bonane njema, wewe na wote unaowapenda.” Mdogo wetu ningemwandikia “wewe, mke wako na watoto”. Kumbe hao “wote unaowapenda” walikuwa mlango niliouacha wazi ili yaya aingie na kutaja jina la mwanamke. Nikaifuta.

Ya pili: “Mungu akupe haja za moyo wako.” Kwa familia nyingine hilo ni ombi zuri. Kwetu, kila sala ya jioni inaishia kwa mama kumwombea yaya mke, tena kwa sauti, hata yeye akiwa amekaa hapo. Haja ya moyo wake imeshachaguliwa na watu wengine. Neno linabeba historia ya nyumba linamosemwa. Kwa hiyo nikamwombea kitu ninachokijua kweli: yaya hupanda juu ya mapaa ya watu kufunga paneli za sola, na msimu huu wa mvua mabati yanateleza. Nikaandika kwamba Mungu amlinde huko juu.

Ya tatu ilinishinda kwa muda mrefu, kwa sababu ni sifa: “Mtoto wa dada anakupenda kama baba yake.” Nani angekasirikia sifa kama hiyo? Lakini nikaisoma kwa macho ya yaya. Inasema angefaa kuwa baba, na aliyeambiwa hivyo anasikia moja kwa moja kile ambacho hana. Nikaweka mahali pake jambo ambalo mtoto alilisema mwenyewe: kwamba taa waliyoiunganisha pamoja bado inawaka, na anataka kufundishwa kuweka swichi.

Ya nne nilidhani ndiyo yenye upendo kuliko zote: “Usijali maneno ya shangazi, kila mtu ana saa yake.” Hiyo ndiyo mbaya kupita zote. Maneno ya kufariji yanamrudishia yaya mkononi mzigo ambao pengine alikuwa ameuweka chini asubuhi hiyo. Na ile “saa yake” inamaanisha kwamba bado tunaangalia saa. Hata kuandika “mimi sitakuuliza mambo ya ndoa” ni kuuliza. Ambaye kweli hataki kugusa jambo hilo halitaji.

Basi je, shangazi aachwe aseme? Hapana. Ila maneno ya shangazi yanamalizwa na shangazi, si na yaya. Nilimtembelea nyumbani kwake, nikamwomba mwaka huu asimuulize kitu siku ya Bonane. Hakufurahi. “Baba yenu alituachia huyu mtoto,” aliniambia. “Nikifa kabla hajaoa, nitamwambia nini ndugu yangu huko aliko?” Sikuwa na kicheko cha kumjibu. Wale wanaowasukuma ndugu zetu mara nyingi hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wanahofia jina la familia kukatika, na wanahofia kuondoka bila kumaliza kazi waliyoachiwa.

Lakini nilimuuliza shangazi jambo moja. Yaya akija kesho na jina la mchumba, nani ataenda kubisha hodi kwa wakwe? Nani atapokea ile karatasi ya mahari ambayo kwetu tunaiita fakture? Na kila mmoja wetu ataleta nini? Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: “Mbuzi mmoja ninaye.” Katika miaka yote ya kumsukuma yaya, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa familia yetu kutaja kitu atakachotoa yeye mwenyewe.

Hapo ndipo naona kosa letu. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaeleza mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kifungu cha 351 kinataka kila mmoja wa wanaooana akubali ndoa yeye binafsi. Uamuzi huo hauna msaidizi. Ni wa yaya na wa huyo atakayempenda. Kifungu cha 361 kinasema mwanaume pamoja na familia yake wanapatana na wazazi wa mwanamke kuhusu mahari, na kwamba ndoa haiwezi kufungwa kama mahari haijatolewa angalau kwa sehemu. Yaani mwenye kuchagua ni mmoja, lakini wenye kubeba ni wengi. Sisi tumegeuza: tunataka kumchagulia wakati, halafu tunamwachia abebe peke yake.

Na mzigo wenyewe unajulikana. Kwa Washi wa hapa Bukavu mahari ni ng'ombe, kwa Wanande wa Butembo na Beni ni mbuzi, na mara nyingi siku hizi mifugo hiyo inahesabiwa kwa dola. Juu ya hayo kuna nguo za wazazi, vinywaji na karamu. Mtoto wa kwanza, kabla hajaanza kuhesabu vya kwake, ameshahesabu minervali ya wadogo zake. Mapema mwaka 2025 benki zilifunga milango Goma, kisha Bukavu, na waliokuwa wameweka akiba kidogo kidogo wakajikuta hawawezi kuigusa. Sijui kama hiyo ndiyo sababu ya yaya. Pengine anayo nyingine, pengine hataki kuoa kabisa. Sijamuuliza, na siku ya Bonane si siku ya kumuuliza. Mwenye kutaka kuzungumza ndoa aitishe kikao cha familia mwezi mwingine, yaya akitaka mwenyewe, na aje na mbuzi wake.

Kuna watakaosema kwamba salamu isiyogusa ndoa ni ya baridi, kama ya ofisi. Nilihofia hivyo pia. Lakini nilipofuta zile sentensi nne, nilibaki na nafasi ya kuandika kile ambacho kwa miaka sikumwandikia. Niligundua kwamba tulikuwa tunamtazama yaya kama mtu anayengoja kuanza maisha, wakati maisha yake yapo na sisi ndio tunaoyala. Mwezi wa tisa alimtumia mama pesa za kubadilisha mabati ya jikoni. Ni yeye aliyelipa muhula wa kwanza wa mtoto wa dada. Aliniongoza mimi kwa simu, usiku, waya baada ya waya, mpaka taa ikarudi nyumbani. Hakuna aliyemshukuru kwa maandishi, kwa sababu kila tulipoandika tulikuwa tunaandika juu ya kile ambacho hajafanya.

Niliangalia pia mambo mawili madogo. Sitaweka salamu hii kwenye kikundi cha Watsapu cha familia, maana huko hata salamu safi inapata jibu la binamu lenye picha ya pete. Naituma kwake peke yake. Tena naituma mapema, kabla ya siku ya kupanda boti, ili isimkute tena mlangoni na begi. Na nimehakikisha haina swali lolote linalomlazimisha kujieleza. Anaweza kujibu “sawa” na ikatosha.

Huu ndio ujumbe wenyewe. Anayetaka achukue umbo lake, ila mambo yaliyomo ayatoe kwake nyumbani:

“Yaya, Noeli njema na Bonane njema. Mvua ya juzi ilipiga usiku kucha, na mama alilala jikoni makusudi asikie mabati yako yasivyovuja. Asubuhi alisimulia mtaa mzima. Mtoto wa dada amesema taa yenu bado inawaka, anataka umwonyeshe swichi. Mimi nakushukuru kwa ule usiku wa waya. Ulikuwa umechoka na hukuniambia. Mungu akushikilie huko juu ya mapaa ya watu. Tarehe 1 tunapika sambaza, makayabu na sombe ya mama, ile yenye mawese mengi. Sahani yako ipo na kitanda chako kimetandikwa. Ukija tutafurahi, ukikawia tutakuwekea. Mdogo wako anayekupenda.”

Nimeusoma mara mbili kwa sauti. Ukiacha mabati, taa na mapaa, ambayo ni ya yaya peke yake, hakuna neno ambalo nisingeweza kumwandikia mdogo wetu mwenye mke. Nimeutuma leo asubuhi. Shangazi ameahidi kunyamaza, na mimi nitakaa karibu naye mezani kumkumbusha.