Kukata Si Kufuta

Kwenye makundi ya darasa kuna dhihaka tunayoipenda. Mtu akituma skrinshoti ya jedwali la takwimu, hakuna anayelisoma jedwali. Macho yote yanapanda juu, kwenye vichupo vya kivinjari: tangazo la kazi, dalili za ugonjwa, kampuni ya mikopo. Au kwenye arifa iliyodondoka wakati ule ule, "Ile hela utanirudishia lini?" Kisha ushauri unamiminika: si ungekata? Kukata kumekuwa adabu, na asiyekata anaonekana mzembe.

Naupinga ushauri huo. Asiyekata ameonyesha jambo analojua kwamba limeonekana. Aliyekata anaamini limeondoka, na mara nyingi halijaondoka. Mwenye lawama hapo ni aliyetengeneza kitufe cha kukata, akakiacha kifanye kazi nyingine.

Chukua programu ambayo karibu kila tasnifu inapitia, Microsoft Word. Unabandika skrinshoti ya skrini nzima, unabonyeza `Crop`, unavuta ukingo wa juu hadi vichupo vipotee, unahifadhi, unamtumia msimamizi faili la `.docx`. Ndani ya faili hilo picha ni nzima. Word imeandika tu kwamba sehemu ya juu isionyeshwe. Msimamizi akiibofya picha na kuchagua `Reset Picture & Size`, vichupo vyote vinarudi, na arifa pamoja navyo. Hii si hitilafu. Imekusudiwa, ili mwandishi aweze kubadili mawazo. Njia ya kufuta kweli ipo, lakini imefichwa: `Picture Format`, kisha `Compress Pictures`, hakikisha `Delete cropped areas of pictures` imewekwa alama, kubali, ndipo uhifadhi. Kwa hiyo kitufe kilichoandikwa "kata" kinaficha, na kinachokata kimeandikwa "bana".

Mtetezi wa watengenezaji atasema kwamba kwenye simu mambo ni tofauti, kwa kuwa huko ukikata unapata faili jipya. Mwaka 2023 jibu lake lilipatikana. Simon Aarons na David Buchanan walionyesha kwamba kihariri cha picha cha simu za Google Pixel, kiitwacho Markup, kiliandika picha iliyokatwa juu ya faili la zamani bila kulifupisha faili hilo. Tuseme picha ya kwanza ilikuwa kilobaiti 900, na kipande ulichobakiza ni kilobaiti 200. Kilobaiti 200 za mwanzo zilifunikwa, na 700 za picha ya zamani zikabaki mkiani. Simu ilipofika kwenye alama ya mwisho wa picha mpya iliacha kusoma, kwa hiyo mwenye simu hakuona kitu. Aliyejua kusoma mkia aliiona sehemu kubwa ya picha ya awali. Mzizi wake ulikuwa herufi moja: faili lilifunguliwa kwa `"w"`, wakati Android ilihitaji `"wt"` ili kufuta kilichokuwamo. Muda mfupi baadaye kosa la namna hiyo likaonekana kwenye Snipping Tool ya Windows 11.

Katika faili la PNG mistari ya picha hupangwa kutoka juu kwenda chini, hivyo kilichofunikwa kwanza ni sehemu ya juu. Aliyenyoa arifa ya juu tu huenda alinusurika. Aliyeumia ni yule aliyebakiza kipande kidogo cha skrini kubwa, yaani yule aliyekuwa mwangalifu zaidi. Viraka vilitolewa Machi 2023, lakini kiraka hakiifikii picha iliyokwisha kutumwa. Ukiwa na PNG ya zamani, kwenye kompyuta ya Linux andika:

```
grep -ao IEND picha.png | wc -l
```

`IEND` ndiyo alama ya mwisho wa picha. Jibu likiwa 1, mkia wa namna hiyo haupo. Likiwa 2, kuna mwisho wa pili, na pengine picha ya pili.

Basi ushauri wangu ni huu: acheni kukata, safisheni kabla ya kupiga. Zima arifa, fungua dirisha jipya lenye kichupo kimoja, ndipo upige. Ukiwa umechelewa, ionyeshe picha iliyokatwa kwenye skrini, kisha ipige upya. Picha hiyo mpya haiwezi kubeba kisichokuwa kwenye skrini.

Hiyo ni dawa ya muda, na haifuti deni. Kinachodaiwa ni kidogo: kitufe cha kukata kikate. Kama kinaficha, kiandikwe "ficha", na swali la kufuta liulizwe wakati wa kuhifadhi, mbele ya macho ya mwenye picha. Hadi hapo, mkiona vichupo vya mwenzenu, someni jedwali.