Mraba wa Njano Haukatazi Kupita, Unakataza Kusimama

Miongoni mwa alama za barabarani, mraba wa mistari ya njano iliyopishana katikati ya makutano ni miongoni mwa zinazopuuzwa sana. Wako madereva wanaoamini kuwa taa ya kijani huufuta. Kanuni yake, kama ilivyoanza kutumika Uingereza mwaka 1967 baada ya majaribio jijini London, ni fupi: usiingie ndani ya mraba mpaka njia unayotokea iwe wazi. Taa ya kijani hutoa ruhusa. Haitengenezi nafasi upande wa pili. Anayekata kulia peke yake, katika nchi zinazoendesha kushoto, huruhusiwa kusubiri ndani, mradi njia anayoelekea iwe wazi na kinachomzuia kiwe magari yanayomkabili au wenzake wanaosubiri kukata kulia.

Tuchukue makutano ya njia nne. Foleni ya upande wa mashariki imejaa hadi ukingoni mwa mraba. Dereva wa daladala anayetoka magharibi anaona kijani, anasogea, anakwama katikati. Taa zinageuka. Sasa ni zamu ya wanaotoka kusini, nao wana sekunde 30 za kijani. Katika hali nzuri gari moja hupita kila sekunde 2 hivi, yaani magari 15 kwa kila njia. Leo hapiti hata mmoja. Foleni yao inarudi nyuma, inafika makutano yaliyotangulia na kuyaziba. Mzingo wa mitaa minne ukikamilika hivyo, kila foleni humsubiri mwenzake, na hata daladala lililoanzisha mkasa hukosa pa kwenda.

Kwa tunaopokea wagonjwa wa dharura, ubaya hasa uko hapo. King'ora huwataka walio mbele wasogee pembeni, lakini hakiwezi kumsogeza asiye na pa kusogea. Mraba ulioachwa wazi ndio uwanja ambamo gari la wagonjwa huweza kupenya, au kugeukia njia nyingine. Ndiyo maana nchini Uingereza alama hiyo huchorwa pia mbele ya vituo vya magari ya wagonjwa na ya zimamoto, hata pasipo makutano.

Mistari ya mshazari iliyo meupe ni jambo jingine: hiyo hutenganisha mikondo ya magari, na kwa kanuni za huko, ukingo usiokatika hukataza kuingia ila kwa dharura.

Kipimo cha dereva ni rahisi. Atazame gari lililo mbele likishavuka mraba, angoje mpaka nyuma yake pabaki urefu wa gari lake mwenyewe: takribani mita 5 kwa gari dogo, 12 kwa basi kubwa. Honi za walio nyuma haziongezi hata mita moja. Na trafiki anayeongoza kwa mkono, akiwaita magari waingie ilhali mbele kumejaa, huziba makutano sawasawa na dereva mkaidi.