Tusifute siasa na dini, tufute matusi

Wandugu, kila msimu wa kuomba skolashipu ukifika hapa Nakivale, tunasikia maneno yaleyale: "Usiguse dini, usiguse siasa. Andika tu kwamba unapenda kusoma." Wakubwa wetu wanasema hivyo kwa nia njema. Wanakumbuka Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, inayomkataza mkimbizi kujiingiza katika shughuli za siasa ndani ya nchi hii. Sawa, tuiheshimu. Lakini kueleza kilichokufukuza kwenu si kupigia chama kampeni. Sisi tunaona ushauri huo unatuangusha.

Maana ukiondoa siasa yote, unabaki na nini? "Nilizaliwa Rutshuru, sasa naishi Uganda." Katikati pana shimo, na msomaji analiona.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo ni baya zaidi. Mwenzetu mmoja alituletea rasimu yake. Mstari wa kwanza ulisema: "Wanyarwanda ndio wameharibu maisha yangu." Hasira yake tunaielewa, maana M23 walipoteka Bunagana tarehe 13 Juni 2022, hata sisi tulivuka usiku tukiwa na watoto mgongoni. Ila huo mstari ni uongo. Kati ya serikali na wananchi wake kuna tofauti ya mamilioni ya watu. Hapahapa Nakivale kuna wakimbizi Wanyarwanda tunaochota nao maji, na kuna Wakongomani wanaoongea Kinyarwanda waliokimbia vita hiyohiyo. Halafu kamati inamtafuta mtu atakayelala bweni moja na watu wa kila taifa. Mstari ule unaiambia kwamba huyu hataweza.

Hatukumwambia afute. Tulimuuliza: vita hiyo ilikufanya ufanye nini? Akakaa kimya kidogo, kisha akaandika hivi: "M23 walipoteka Bunagana tulikimbilia Kisoro. Kwenye kituo cha Nyakabande, vijana wa makabila yetu walipigana kwenye foleni ya maji. Kwa kuwa naongea Kiswahili na Kinyarwanda, nilianza kupanga foleni na kutafsiri. Naamini serikali yoyote, yetu au ya jirani, inayowapa vijana bunduki inapaswa kuulizwa. Nataka kusoma sheria ili niwe mmoja wa wanaouliza."

Ona, maoni yake hayajalegea. Yamekuwa makali zaidi, sema sasa yanapiga kitendo, hayapigi kabila. Na yanatuongoza mpaka kwenye kozi anayoomba. Hicho ndicho kipimo chetu: maoni yakieleza ulichofanya au unachotaka kusoma, yabaki. Yakikupunguzia hasira tu, yaandike kwenye daftari lako.

Dini nayo tuipime hivyohivyo. Dada mmoja alifuta kanisa lote kwenye insha yake kwa kuogopa. Kumbe miaka mitatu alikuwa anafundisha kina mama kusoma na kuandika, kila Jumamosi, kwenye jengo la kanisa lake, na Waislamu wawili walikuwa kwenye darasa lile! Alipofuta kanisa, alifuta na kazi yake. Lakini mwingine, kwenye swali la "utashindaje magumu ya chuo?", alijibu: "Mungu atafungua njia." Imani yake hatuigusi, ila swali hakulijibu. Msomaji alitaka kujua atafanya nini akifeli mtihani wa kwanza. Mungu amtaje, halafu aongeze: nitatafuta kikundi cha kusoma, nitamwona mwalimu mapema. Na kama hujui dini ya anayesoma, eleza imani yako ilivyokutuma kazi. Usimhubirie.

Mipaka ipo. Usitaje jina la kamanda, wala kijiji ambako ndugu zako bado wanaishi, kwa sababu hujui karatasi yako itapita mikono mingapi. "Kundi lenye silaha" inatosha. Pia hadithi yako isigongane na maelezo uliyotoa ulipojiandikisha kama mkimbizi. Ukiongeza chumvi ili insha inoge, chumvi hiyo inaweza kukurudia. Na kama jambo linakuuma mno hata huwezi kuliandika, acha. Hakuna anayekudai jeraha lako.

Kabla ya kutuma, mpe rasimu mtu wa kabila lile au dini ile uliyoitaja, akusomee mbele yako. Kama huthubutu kumpa, basi mstari ule unaujua mwenyewe. Urekebishe. Ila usirudi kwenye "napenda kusoma", maana hilo kila mtu ameliandika, na ulichokipitia wewe hakuna atakayekuandikia.